Kidole Gumba Kinapokataa Kukunjika

Kiungo kilicho kwenye shina la kidole gumba cha mguu hufanya kazi yake kubwa mwishoni mwa kila hatua. Kisigino kikishanyanyuka na mwili ukisogea mbele, kidole hubaki kimekanyaga chini huku wayo ukipanda nyuma yake, na hapo kiungo hicho hulazimika kukunjwa kwenda juu kikiwa kimebeba uzito. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kidole kikiinuliwa kwa mkono huku mguu ukiwa haujabeba uzito hufika digrii 65 hadi 75 kutoka usawa wa wayo. Kutembea polepole hutumia sehemu tu ya uwezo huo. Kukimbia hutumia zaidi, na kuchuchumaa visigino vikiwa juu huutumia karibu wote.

Kukunjwa huko kuna faida nyingine isiyoonekana. Chini ya wayo kuna ukanda mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, na kidole gumba kikiinuka ukanda huo huvutwa, upinde wa mguu hupanda, na mguu uliokuwa laini wakati wa kutua hugeuka kuwa nyenzo ngumu ya kusukuma. Daktari Mwingereza J. H. Hicks ndiye aliyeueleza utaratibu huo mwaka 1954, na maelezo yake hutumika hadi leo. Kwa hiyo kidole kisichokunjika hakimuumizi mtu kidoleni peke yake. Hubadilisha namna mguu wote unavyosukuma ardhi.

Ugonjwa wenyewe ni kusagika kwa kiungo, ule ule unaojulikana sana magotini na kwenye nyonga, ila hapa umeshika mahali padogo. Ncha za mifupa miwili inayokutana zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi. Kidole kinapoinuka, kitako cha mfupa wa kidole hubana sehemu ya juu ya kichwa cha mfupa wa wayo, na ni hapo juu gegedu huanza kulika, mara nyingi wakati sehemu ya chini bado ni nzima. Mwili huitikia kwa kuotesha mfupa mpya kwenye ukingo, na baada ya muda kinundu kigumu huhisika kwa kidole cha mkono juu ya kiungo. Kinundu hicho hukizuia kidole kama jiwe lililotupwa nyuma ya mlango: mlango hufunguka vizuri mpaka unapoligonga, na kuusukuma kwa nguvu zaidi huharibu bawaba bila kuliondoa jiwe.

Maradhi haya yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya tiba vya Uingereza mwaka 1887, lakini hadi sasa kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Kwa baadhi yao kuna jeraha la zamani: teke lililopiga jiwe badala ya mpira, kujikwaa vibaya, au kidole kilichopinduliwa uwanjani na kuachwa kipone chenyewe. Kwa wengine mama au shangazi naye aliugua hivyo hivyo, na kwa hao ni kawaida miguu yote miwili kuguswa hatimaye, hata kama mmoja umetangulia kwa miaka. Wanawake huugua zaidi ya wanaume. Viatu vyenye visigino virefu huongeza maumivu kwa kiungo ambacho tayari kina tatizo, kwa sababu humfanya mtu asimame siku nzima kidole kikiwa kimekunjwa. Kusema ndivyo vilivyoleta ugonjwa ni kukisia tu, na mtu ambaye maisha yake yote hajavaa kisigino anaweza kuupata.

Dalili ya mwanzo huwa na tabia yake. Maumivu huja wakati wa kusukuma hatua, si wakati wa kutua. Huja pia katika kupanda mlima, kusukuma baiskeli, kuchuchumaa kwenye jiko la mkaa au choo cha shimo, na kwa Waislamu wakati wa kusujudu na kukaa tahiyatu, ambapo vidole vya mguu hukunjwa vikakanyaga chini. Asubuhi kidole huwa kikavu kwa dakika chache, kisha hulegea. Mwisho wa siku ya kutembea sana, sehemu ya juu ya kiungo huvimba kidogo. Kiatu kikibana kinundu, mshipa wa fahamu unaopita juu yake hubanwa na upande wa kidole hupata ganzi, jambo ambalo huwatisha watu kuliko maumivu yenyewe.

Mwili nao hujifunza kukwepa. Mtu huanza kutupa mguu nje kidogo, huviringisha hatua juu ya ukingo wa nje wa wayo, au hufupisha hatua ili kisigino kisipande sana. Kiatu huonyesha haya wazi kuliko mgonjwa anavyoyaeleza: soli imelika upande wa nje, na chini ya kidole chenyewe, kwenye kiungo kidogo cha karibu na kucha, kumeota sugu, kwa sababu kiungo hicho kidogo kimelazimika kukunjwa kwa niaba ya kile kikubwa. Malalamiko ya pili, kama maumivu chini ya vidole vidogo, ya goti au ya kiuno, wakati mwingine huanzia kwenye ukwepaji huo.

Katika Afrika Mashariki kosa la kawaida ni kuita kila maumivu ya kidole gumba jongo. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa jongo hupenda kiungo hiki hiki. Lakini jongo huvamia. Huanza ghafla, mara nyingi usiku, kiungo huwa chekundu au cheusi zaidi ya kawaida, moto, kinang'aa kwa uvimbe, na hata shuka likikigusa mtu hupiga kelele. Baada ya siku kadhaa hutulia kabisa mpaka shambulio lingine. Kusagika hakuji hivyo. Maumivu yake hufuata mwendo, huongezeka polepole kwa miezi, na mtu akilala hupumzika. Kipimo cha asidi ya yuriki katika damu peke yake hakitoi uamuzi, maana wapo wenye kiwango cha juu wasio na jongo, na kiwango kinaweza kuonekana cha kawaida katikati ya shambulio. Kidole kilichopinda kuelekea wenzake na kuacha nundu upande wa ndani wa mguu nacho ni tatizo tofauti, ingawa mawili hayo huweza kukutana. Maumivu yaliyo chini ya kiungo badala ya juu yake hutoka mara nyingi kwenye vifupa viwili vidogo vinavyokaa ndani ya kano mahali hapo. Na kiungo chenye uvimbe, joto na homa, au kidonda kwa mwenye kisukari, hakisubiri chochote. Hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi. Mgonjwa hukaa, mguu ukiwa umetua sakafuni, na kidole huinuliwa polepole kwa mkono huku cha mguu wa pili kikitumika kulinganisha. Swali muhimu si kidole kinafika wapi tu, bali kinauma wapi katika safari hiyo. Kikiuma mwisho kabisa, pale kinapogonga, ugonjwa bado uko mwanzoni na gegedu kubwa imebaki. Kikiuma tangu katikati ya mwendo, uharibifu umeenea kiungoni kote. Picha ya eksirei hupigwa mtu akiwa amesimama, kwa sababu nafasi kati ya mifupa huonekana kwa kweli pale tu inapobeba uzito, na picha ya ubavuni ndiyo inayoonyesha kinundu vizuri.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, mwanamke wa miaka 47, aina ya mgonjwa anayeonekana sana kliniki. Kidole chake cha kulia kinamuuma kwa miezi minane. Aliambiwa ni jongo, akaacha nyama na maharage, na hakuona nafuu. Huenda shuleni kwa miguu, kama kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, akiwa amevaa viatu vyepesi vya kitambaa, na nyumbani huvaa kandambili. Kidole cha kushoto huinuka digrii 65, cha kulia 35, na maumivu huja katika digrii chache za mwisho tu. Juu ya kiungo kuna kinundu kidogo. Eksirei inaonyesha nafasi ya kiungo imepungua kidogo, mfupa umeota ukingoni, na sehemu kubwa ya kiungo iko salama. Hiki ni kiungo ambacho kinaweza kutunzwa bila kisu kwa miaka mingi, na matunzo yake yana sehemu mbili ambazo kwa haraka huonekana zinapingana: wakati wa kutembea kidole kizuiwe kukunjika, na wakati wa kukaa kikunjwe.

Upinzani huo huisha mara uzito unapoingia katika hesabu. Kinachokiumiza kiungo ni kubanwa juu ya ukingo uliolika huku mwili mzima ukisukuma, maelfu ya mara kwa siku. Kinachokigandisha ni kukosa mwendo kabisa, kwa kuwa mfuko wa kiungo husinyaa, kano hufupika, na gegedu ambayo haina mishipa ya damu hukosa ute unaoilisha, ute ambao husambazwa na mwendo. Basi soli huchukua kazi ya kusukuma, na mikono huchukua kazi ya kukunja.

Kwanza soli. Viatu vya kitambaa vya mwalimu huyu vinaweza kukunjwa kwa mkono mmoja mpaka ncha ikutane na kisigino, na hapo ndipo shida ilipo: kiatu kikikunjika pale, kidole kitakunjika nacho. Kipimo cha dukani au kwenye rundo la mitumba ni kukishika kiatu kisiginoni na kwenye ncha, kisha kukikunja kwa nguvu. Kinachofaa hukataa, au hukubali kidogo tu. Kisha kiatu huwekwa juu ya meza na kutazamwa ubavuni. Ncha yake inapaswa kuinuka kutoka mezani, na soli iwe imepinda kwenda juu kuanzia nyuma kidogo ya mstari wa shina la vidole. Mpindo huo ndio unaouviringisha mwili mbele bila kiungo kukunjwa. Soli ngumu isiyo na mpindo hupunguza maumivu ya kidole lakini humfanya mtu ahisi amekanyaga ubao, na hatua hukwama. Ukianzia mbele mno, chini ya vidole vyenyewe, mpindo unakuwa umechelewa kusaidia.

Kimo cha ndani nacho kina umuhimu wake. Kinundu kiko juu, kwa hiyo kiatu chenye paa la chini mbele kitakisugua hata kama soli ni nzuri. Viatu vya kamba huwezesha kulegeza mbele na kukaza kwenye kifundo cha mguu, na kukaza huko kunahitajika, kwa sababu soli isiyokunjika humfanya kisigino kitake kutoka kiatuni kila hatua. Buti za kupandia milima na raba za kukimbilia zenye soli nene iliyopinda mara nyingi hufaulu vipimo hivi vyote, na katika mitumba hupatikana kwa bei ambayo kiatu kipya cha namna hiyo hakiwezi kufika. Makobazi mazito ya tairi hayakunjiki kwa urahisi na hayana paa la kubana. Yakifungwa ili mkanda usipite juu ya kinundu, hufaa kuliko watu wanavyodhani. Kandambili ni kinyume chake. Soli yake hukunjika kila mahali, na kidole hulazimika kung'ang'ania kamba ili isitoke. Kutembea peku juu ya sakafu ya saruji nyumbani ni hali hiyo hiyo, na wengi hurekebisha viatu vya kazini wakasahau saa zote za jioni.

Mtu anayetaka kubaki na viatu alivyo navyo anaweza kuvitia ugumu kutoka ndani. Kibao chembamba cha nyuzi za kaboni, kirefu kama kiatu au chenye ulimi unaofika chini ya kidole gumba pekee, huwekwa chini ya soli ya ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio la watu 100 wenye maradhi haya: nusu walipewa vibao vya kaboni na nusu vibao vya mfano visivyo na ugumu, na baada ya wiki 12 waliopewa vigumu walikuwa wamepungukiwa na maumivu zaidi. Jaribio la awali la kundi hilo, la mwaka 2016, lililinganisha viatu vya soli iliyopinda na soli za ndani zilizotengenezwa tayari, na nafuu ya maumivu ilikaribiana. Hii ina maana kwamba si lazima kuhangaikia kifaa kimoja maalumu. Pale vibao vya kaboni visipopatikana, fundi viatu mwenye mkono mzuri anaweza kubandika soli ngumu, kutia ukanda wa chuma chembamba ndani yake na kuchonga mpindo, mradi aelekezwe mpindo uanzie wapi na aongeze unene ule ule kwenye kiatu cha pili, vinginevyo nyonga zitalalamika. Mafundi sanifu wa vifaa saidizi, ambao chuo cha TATCOT kilichopo KCMC mjini Moshi kimekuwa kikiwafundisha kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, huifanya kazi hii kwa vipimo.

Soli hizi zina mipaka yake. Huvaliwa saa moja au mbili kwa siku za mwanzo, kisha muda huongezwa, kwani misuli ya kigimbi na ya mapaja hupata kazi mpya. Soli iliyopinda humtikisa mzee mwenye matatizo ya kusimama sawasawa, hasa kwenye njia ya mawe na kwenye ngazi, na kwake kibao kigumu ndani ya kiatu tambarare ni salama zaidi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hukagua nyayo kila jioni anapoanza kutumia kitu chochote kigumu.

Sehemu ya pili hufanyika mtu akiwa ameketi, ikiwezekana baada ya kuloweka mguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Mkono mmoja hushika mfupa wa wayo nyuma tu ya kiungo na kuutuliza. Mwingine hushika kidole karibu kabisa na kiungo, si kwenye ncha, hukivuta taratibu kwenda mbele kana kwamba kinaongezwa urefu, na huku kikiwa kimevutwa hukiinua na kukishusha mwendo mfupi usiofika kwenye maumivu makali. Mara 10 hadi 15 zinatosha, mara mbili kwa siku. Kuvuta kwanza kuna sababu: hutenganisha kidogo nyuso za mifupa, ili kuinua kusigeuke kusaga. Wanaoruka hatua hiyo na kukibana kidole ukutani kwa nguvu ndio wanaoamka kesho yake kiungo kimevimba, kisha wakaamua kwamba mazoezi hayafai.

Zoezi jingine ni la nguvu. Mguu ukiwa umetua chini, kidole gumba hukandamizwa sakafuni kikiwa kimenyooka kwa sekunde tano, bila vidole vingine kujikunja kama makucha, kisha huachiwa. Misuli inayofanya kazi hiyo hukishikilia kidole chini wakati wa kusukuma hatua. Kunyoosha kigimbi kwa kusimama mbele ya ukuta kisigino kikiwa chini nako kuna nafasi yake, maana kigimbi kilichokaza hunyanyua kisigino mapema na kuuhamishia uzito kwenye shina la vidole kabla ya wakati. Kipimo cha kiasi ni asubuhi inayofuata. Maumivu yakiwa yamerudi kama yalivyokuwa, kiasi kilikuwa sawa. Yakiwa yameongezeka, siku hiyo hupunguzwa nusu.

Kuhusu sala, fiqhi inamruhusu mgonjwa kukaa kwa namna anayoiweza, na mwalimu wa mfano wetu anaweza kulaza mguu wa kulia badala ya kuusimamisha kwa vidole. Zulia nene au mto mdogo chini ya kifundo cha mguu hupunguza mkunjo kwa anayependa kubaki karibu na mkao wa kawaida.

Dawa hazina mengi ya kusemwa. Jeli ya daiklofenaki ikipakwa juu ya kiungo hufika vizuri kwa kuwa ngozi hapo ni nyembamba, na haina madhara mengi kama vidonge. Vidonge vya jamii hiyo, ambavyo maduka ya dawa huviuza bila maswali, huharibu tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu vikizoewa. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo huleta nafuu ya wiki au miezi michache. Sindano ya jeli ya kulainisha kiungo ilijaribiwa Australia kwa watu 151, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha haikuishinda sindano ya maji ya chumvi.

Miezi mitatu hadi sita ya viatu sahihi na mwendo wa mikono hutosha kujua mwelekeo. Kidole hakitarudi digrii 65, na hilo si lengo; mwalimu atakayefika 40 akitembea kilomita zake nne bila kuchechemea amepata anachohitaji. Kama maumivu bado yanamzuia na yako mwisho wa mwendo tu, daktari wa mifupa anaweza kukata kinundu pamoja na kipande cha juu cha kichwa cha mfupa wa wayo, kisichozidi theluthi moja. Operesheni hiyo humruhusu kukanyaga mapema na kuanza kukunja kidole ndani ya siku au wiki chache, na asipokikunja, kovu hugandisha kilichofunguliwa.

Kiungo kinachouma tangu katikati ya mwendo hakifaidiki sana na ukataji huo. Kwake tiba inayotegemewa ni kuiunganisha mifupa miwili kwa skrubu au bamba iwe mfupa mmoja, kidole kikiwa kimeinuliwa kidogo ili kisichimbe ardhi. Mfupa huchukua kama wiki sita hadi kumi na mbili kushika, na kwa mvutaji sigara huchelewa au hukataa. Maumivu ya kiungo hicho huisha, na wengi hurudi kutembea mwendo mrefu na kulima. Kinachopotea ni mkunjo, moja kwa moja: kisigino kirefu hakitavalika, na kuchuchumaa kwa ncha za vidole hakutawezekana, kwa hiyo pembe ya kidole hukubaliwa kati ya daktari na mgonjwa kabla ya operesheni, viatu anavyovaa kila siku vikiwa vimeletwa chumbani.